Oili Huzeeka Hata Gari Likisimama

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam, fundi akimwaga oili hubandika kibandiko chenye kilomita za sevisi ijayo, mara nyingi 5,000 mbele. Kibandiko hicho hakijui foleni.

Chukua magari mawili. La kwanza hutoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi, kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa. La pili husafiri Dodoma kwa wastani wa kilomita 75. Yote yakitimiza kilomita 5,000, injini ya la kwanza imenguruma saa 333 hivi. Ya pili, saa 67 tu.

Safari fupi zina balaa jingine. Injini ikiwa baridi, petroli kidogo na mvuke wa maji hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye oili. Safari ndefu huichemsha oili vya kutosha, na uchafu huo ukageuka hewa ukatoka. Anayeendesha dakika tano hadi sokoni na kuzima hampi nafasi hiyo. Geji ya joto isimdanganye, kwani hupima maji, na oili huchelewa kupata moto.

Dalili huonekana kwenye kijiti cha kupimia: oili inanuka petroli, au kina kimepanda bila mtu kuongeza. Weusi peke yake si ushahidi.

Vitabu vingi vya magari huyaita matumizi haya magumu na kufupisha muda wa kubadili oili, mara nyingi hadi nusu. Asiyefikisha kilomita hizo hufuata miezi iliyoandikwa humo.