Hamjambo ya Njuka

Kengele ya alfajiri ilimkuta njuka wa kidato cha kwanza ameshatandika kitanda. Alichukua ndoo, akaenda bombani, ambako vijana wanne wa kidato cha sita walikuwa wakipiga mswaki. Nyumbani alionywa asipite watu bila kuwasalimu, basi akasema kwa sauti safi: "Hamjambo?"

Mswaki ukasimama mdomoni mwa mmoja. "Hatujambo, mwalimu," akajibu mwingine, na kicheko kikafika bweni la pili.

Sarufi yake haikuwa na doa, hata wingi aliuzingatia. Ila katika shule nyingi za bweni Tanzania Bara, salamu hiyo hutoka juu kwenda chini: mwalimu huwaambia wanafunzi, mkubwa humwambia mdogo. Mdogo huanza na "shikamoo", au "shikamooni" wakiwa wengi, kisha husubiri "marahaba". Mkubwa akipenda, ndipo huongeza "hujambo?" "Mambo" ni ya wa rika moja. Mtaani miaka mitano ni tofauti ndogo, na vijana hao angewaita kaka tu. Bwenini huhesabiwa kama kizazi.

"Kaka zangu, shikamooni," akasema, macho chini.

"Marahaba. Haya, tuchotee maji, ndoo nne."

Mzazi, mweleze mwanao utaratibu huu kabla hajapanda basi. Nawe wa kidato cha sita, mrekebishe njuka kwa neno moja, umwache aende zake. Ndoo nne kwa kosa la salamu ni uonevu.