Faida Mbili Kwenye Ukurasa Mmoja

Safaricom ilipotangaza hesabu za mwaka ulioishia Machi 2024, faida mbili zilitajwa. Moja ilikuwa takriban shilingi bilioni 42.7 za Kenya, nyingine karibu bilioni 63. Msomaji angeweza kudhani mwandishi mmojawapo kakosea, lakini zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni faida ya kundi zima. Ya pili ni fungu la wanahisa wa Safaricom. Kioja ni kwamba fungu limelipita jumla.

Ufunguo uko chini ya mstari wa faida baada ya kodi. Hapo faida hugawanywa mara mbili: ya wamiliki wa kampuni mama, kisha maslahi ya wanahisa wachache, yaani watu wa nje wenye hisa kwenye kampuni tanzu ambayo kampuni mama haikuinunua yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kusaga unga ya Morogoro inanunua asilimia 80 ya kiwanda cha mifuko. Asilimia 20 inabaki kwa familia iliyokianzisha. Kiwanda kina mali ya shilingi milioni 500 na madeni ya milioni 200, kwa hiyo mtaji halisi ni milioni 300. Wengi hudhani mhasibu atachukua asilimia 80 ya mashine, ya maghala, na ya madeni. La. Anaingiza vyote, asilimia 100, kwa sababu mwenye hisa nyingi ndiye anayeamua kila mashine ifanye nini. Hakuna robo tatu ya mashine inayomtii na robo inayogoma. Baada ya kuingiza vyote, anaandika upande wa mtaji kwamba milioni 60 ni za familia. Hiyo ndiyo njia nyepesi, ya kuhesabu fungu lao kwenye mali halisi. Kampuni inaweza pia kuchagua kulithamini kwa bei ya soko siku ya ununuzi.

Mwaka unaofuata kiwanda kinapata faida ya milioni 50 na kugawa gawio la milioni 20. Familia inaongezewa milioni 10, inatolewa milioni 4 ilizolipwa, na fungu lake linafika milioni 66.

Hapa ndipo makosa huingia. Tuseme kiwanda kiliiuzia kampuni mama mifuko, na mwisho wa mwaka baadhi ingali ghalani ikiwa na faida ya milioni 5 ndani ya bei yake. Kundi haliwezi kupata faida kwa kujiuzia lenyewe, hivyo milioni hizo zinafutwa. Kwa kuwa muuzaji ni kampuni tanzu, kwa kawaida familia nayo inabeba fungu lake: faida ya kiwanda inahesabiwa milioni 45, na yao inakuwa milioni 9 badala ya 10. Kama kampuni mama ndiyo ingekuwa muuzaji, familia isingeguswa. Ukitaka kumpima mhasibu anayeanza kazi, muulize nani alimuuzia nani kabla hajashika kikokotoo.

Sasa turudi Safaricom. Biashara yake ya Ethiopia ilifungua huduma mwaka 2022, na Safaricom ina hisa zaidi kidogo ya nusu. Wenzake ni Vodacom, Sumitomo ya Japani, shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, na IFC ya Benki ya Dunia. Kujenga minara katika nchi mpya hula fedha, na biashara hiyo ilikuwa kwenye hasara. Hasara yote iliingizwa kwenye hesabu za kundi na kuiburuta faida hadi bilioni 42.7. Kisha fungu la wenzake, kama bilioni 20, likahamishiwa kwao. Ukiwaondolea wanahisa wa Safaricom hasara isiyo yao, wanabaki na bilioni 63.

Zamani isingekuwa rahisi hivyo. Kabla ya marekebisho ya viwango vya kimataifa yaliyoanza kutumika Julai 2009, fungu la wachache likishafika sifuri, hasara iliyozidi kwa kawaida ilimwangukia kampuni mama, isipokuwa kama wachache wenyewe walikuwa wamefungwa kisheria kuifidia. Leo, chini ya IFRS 10, wanaendelea kubebeshwa hata fungu lao likiwa chini ya sifuri.

Kwangu mimi, hapo msomaji anapaswa kuwa macho. Fungu lililo chini ya sifuri si deni; kampuni mama haiwezi kwenda kwa wachache kulidai. Wakikataa kuongeza mtaji, minara bado itahitaji dizeli na mishahara bado itahitaji kulipwa, na atakayeingiza mkono mfukoni ni kampuni mama. Ndiyo maana nikisoma hesabu za namna hii, baada ya faida mbili hizo natafuta maelezo ya kampuni tanzu zisizomilikiwa zote, nione mtaji mpya wa mwaka ule uliwekwa na nani.