Mfereji, Matope na Daftari la Katibu

Bwaise ni bondeni. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei ikianza, maji ya vilima vya Kampala hushuka huko, na mfereji uliojaa matope na chupa za plastiki huyatapika hadi vyumbani mwa watu. Ndiyo maana kikao cha kamati ya LC1, baraza la ngazi ya kijiji ambalo hapa mjini husimamia mtaa, hakikosi ajenda ya mfereji. Tuchukue kikao kimoja cha kubuni, Jumapili tarehe 10 Machi. Watu wamezungumza saa nzima, kisha katibu mkuu anaandika:

“Wajumbe walijadili suala la mfereji kwa kina na kukubaliana kwamba hatua za haraka zichukuliwe.”

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, ila hakuna atakayeamka Jumatatu akijua afanye nini. Haina mtendaji wala siku. Hata jambo lililokubaliwa halionekani. Ubaya wake ni kwamba mwezi ujao haiwezekani kumwuliza yeyote kwa nini hakutekeleza, kwa kuwa hakuna aliyetumwa.

Katibu anayejua kazi yake huwasimamisha wajumbe kidogo kabla hawajarukia ajenda inayofuata, akauliza: nani, afanye nini, lini, na tutajuaje kwamba amefanya? Kisha anaandika:

“Dondoo 4(a): Katibu wa uzalishaji na mazingira apeleke barua ofisi ya KCCA, Divisheni ya Kawempe, kuomba lori la kubeba matope. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa imfikie katibu mkuu kufikia Ijumaa tarehe 15 Machi.”

Mbele ya cheo ataandika pia jina kamili, kwa sababu cheo kinaweza kujificha nyuma ya kamati nzima. Tazama alichoagizwa mjumbe huyo: kupeleka barua, si kuleta lori. Kamati ya mtaa haina nguvu ya kuiagiza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kwa hiyo kuandika “KCCA ilete lori” ni kumpa kazi mtu asiyekuwapo kikaoni. Na muhuri unamaliza ubishi wa “nilipeleka, wakanipokea vizuri tu.”

Kazi ya pili ni ya vijana watakaochimba, na hapa mpangilio ndio unaoamua. Mitaa mingi ya Kampala imeshaona vijana wakijitokeza kwa bulungi bwansi, kazi ile ya kujitolea ya Buganda, wakatoa matope na kuyarundika kandokando. Lori halikuja, mvua ikanyesha, matope yakarudi yalikotoka. Kwa hiyo dondoo 4(b) haisemi tu “vijana wachimbe Jumamosi tarehe 23.” Inaongeza: “endapo siku ya lori itakuwa imethibitishwa kufikia Jumatano tarehe 20, la sivyo mwenyekiti aahirishe na kuwatangazia vijana.” Dondoo 4(c) inamtaja mweka hazina: ni kiasi gani cha kununua glavu, kutoka mfuko upi. Kazi isiyotajiwa fedha yake hungoja kikao kingine.

Kila uamuzi upewe namba. Wenye viwanja Uganda wanalijua hili vizuri, maana ofa ya ardhi hutaja namba ya dondoo ya kikao cha bodi ya ardhi kilichoidhinisha, na ikizuka kesi namba hiyo huweza kutafutwa. Mfereji hauhitaji mahakama, lakini namba 4(a) hukuwezesha kuuliza kwa ufupi na kujibiwa kwa ufupi.

Kabla watu hawajainuka, kazi zote zisomwe kwa sauti, na kwa lugha iliyozungumzwa. Mara nyingi kikao huenda kwa Luganda, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza nyumbani siku tatu baadaye, na mhusika asizione kamwe. Akisomewa papo hapo ataitikia, au atasema siku hiyo yuko safarini Masaka, na kazi itapewa mwingine. Orodha ya kazi, nusu ukurasa tu, isambazwe kwenye kundi la WhatsApp jioni hiyohiyo. Maelezo marefu ya nani alisema nini yanaweza kungoja. Mimi ningeyapunguza hadi yabaki mistari michache.

Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo: 4(a), 4(b), 4(c), kila moja kwa jibu la imefanyika au haijafanyika. Jibu la “inafuatiliwa” lisikubaliwe bila tarehe mpya. Dondoo ikivuka vikao viwili ikiwa na maneno yaleyale, imekwisha kufa na inabebwa tu. Hapo mwenyekiti ana njia tatu: kumpa kazi mtu mwingine, kuigawa hadi ibaki sehemu ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa wiki, au kuifuta wazi kwa uamuzi wenye namba yake, ili katibu wa mazingira aache kuulizwa habari za lori ambalo kamati yenyewe imeshakata tamaa nalo.