Chakula Kimekwenda Wapi?

Chukua banda lenye kuku wa mayai 500. Siku ya nne asubuhi sita wanakutwa wamekufa. Wiki inafungwa kwa mayai 2,730, yaani trei 91, na kilo 476 za chakula.

Mkaguzi makini hagawanyi kwa 500. Anajumlisha kuku waliokuwa hai kila siku: 500 kwa siku tatu, 494 kwa siku nne, jumla 3,476. Mayai yakigawanywa kwa hiyo, utagaji ni asilimia 78.5. Si mbaya.

Tatizo liko kwenye chakula. Kilo 476 kwa hesabu hiyohiyo ni gramu 137 kwa kuku kwa siku, wakati kuku wa mayai aliyekomaa hula kama 110 hadi 120. Hata kwa 120, kilo 417 zingetosha.

Kilo ikiwa shilingi 1,200, kila trei imebeba chakula cha shilingi 6,277 badala ya takriban 5,500. Mayai hayaonyeshi lolote.

Kwanza apime upya mifuko, maana huenda iliandikwa kwa kukadiria. Kisha atazame chini ya vyombo vya kulishia, hasa vinavyojazwa hadi ukingoni, atafute kinyesi cha panya stoo. Na, bila kumtuhumu mtu, aulize nani anashika ufunguo.