Mkojo Unaochoma: Lini Maji Yatoshe, Lini Dawa Itumike

Tumchukue dada wa miaka 26 anayeuza nguo Kariakoo. Hana jina hapa, kwa sababu wako wengi. Ameamka Jumatatu na kitu ambacho jana hakikuwepo: akienda kukojoa, mkojo unamuunguza, hasa matone ya mwisho. Hajamaliza hata kikombe cha chai, amebanwa tena. Anakimbilia chooni, yanatoka matone mawili matatu, na anarudi akihisi kana kwamba kibofu bado kimejaa. Chini ya kitovu panauma kwa mbali. Hana homa, hatapiki, kiuno hakimuumi, na ukeni hakuna uchafu wala muwasho.

Maelezo hayo peke yake yanatosha kumwambia mhudumu wa afya mengi. Mwanamke ambaye si mjamzito, mkojo unamchoma, anakojoa mara kwa mara, na hana uchafu wala muwasho ukeni, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kuwa na maambukizi ya kibofu cha mkojo. Hii ndiyo UTI ya kawaida. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu siku hizi UTI imekuwa ugonjwa unaotafutwa kwenye karatasi ya maabara, ilhali kwa sehemu kubwa hutambulika kwa kumsikiliza mgonjwa.

Swali la kwanza la dada huyu litakuwa ni choo gani kimemwambukiza. Kariakoo choo ni cha kulipia, kinatumiwa na watu wengi, na lawama hukiangukia haraka. Lakini kisababishi cha maambukizi mengi ya aina hii ni bakteria aitwaye Esherikia koli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wetu wenyewe. Anatoka njia ya haja kubwa, anasogea kwenye ngozi ya mbele, anaingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofuni. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita 4 hivi. Kwa mwanamume ni kama 20. Ufupi huo ndio unaofanya wanawake waugue zaidi. Choo kichafu kinakera na kinaweza kuleta maradhi ya kuhara, lakini kukikalia si njia ambayo bakteria huyu huitumia kufika kibofuni.

Choo kinahusika kwa namna nyingine. Dada huyu hapendi kuacha meza yake bila mtu, na kila akienda chooni anatoa pesa. Kwa hiyo hunywa maji kidogo makusudi, na akibanwa hujikaza hadi jioni. Mkojo unaotoka mara kwa mara huwasomba bakteria kabla hawajashika kuta za kibofu. Ukikaa muda mrefu, wanapata nafasi ya kuzaliana.

Tendo la ndoa nalo huwasukuma bakteria waliopo karibu na mrija wakaingia ndani, ndiyo maana wanawake wengi huanza kuumwa siku moja au mbili baadaye. Hapa nyumba nyingi zimeingia ugomvi bila sababu. UTI ya kibofu si ugonjwa wa zinaa, na mke kuipata si ushahidi kwamba mume au mke ametoka nje. Kwa wenye tatizo hili, kukojoa baada ya tendo ni tabia isiyo na gharama.

Sasa amefika kituo cha afya na amepewa kikopo. Namna anavyokijaza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Anatakiwa ajisafishe mbele kwa maji, atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, aache mkojo wa kwanza uende chooni, kisha akinge ule wa katikati. Asipofanya hivyo, bakteria na seli za kwenye ngozi na ukeni huingia kikoponi, na majibu huonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Mtaalamu huchovya kijiti chenye viraka vya rangi. Kiraka kimoja kinaonyesha kama kuna chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vimelea. Kingine kinaonyesha naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza kutokana na naitreti iliyomo kwenye mkojo. Kutengenezwa huko kunahitaji mkojo ukae kibofuni kwa saa kadhaa. Dada wetu anakojoa kila nusu saa, kwa hiyo kiraka cha naitraiti kinaweza kubaki bila kubadilika rangi ilhali anaumwa kwelikweli. Na kama amekunywa maji mengi sana kabla ya kupima ili mkojo upatikane, ameuzimua. Majibu ya kijiti yasiyoonyesha kitu hayafuti dalili zilizo wazi.

Tuje kwenye maji. Ushauri wa kunywa maji mengi ni mzuri, ila watu huuelewa kinyume. Nguvu ya maji inaonekana zaidi katika kuzuia ugonjwa usirudi kuliko katika kuutibu ukishaanza. Nchini Bulgaria ulifanywa utafiti kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua kibofu mara kwa mara na waliozoea kunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima, wengine wakaendelea kama kawaida. Walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7 mwaka ule. Wenzao mara 3.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Kwa muuza nguo wa Kariakoo ambaye hufunga siku na chupa moja ndogo, hiyo ndiyo tiba ya miezi ijayo. Chupa kubwa ya lita moja na nusu imalizike kidogo kidogo kati ya asubuhi na jioni, mbali na chai na maji ya chakula, na mkojo uwe wa rangi hafifu. Maji ya dafu yanaingia kwenye hesabu kama kinywaji kingine chochote, hayaui bakteria. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa apunguze maji asiongeze bila kumuuliza daktari wake.

Je, anaweza kupona bila dawa za kuua bakteria? Wengine hupona. Nchini Ujerumani wanawake karibu 500 wenye UTI nyepesi waligawanywa: kundi moja lilipewa antibayotiki, jingine ibuprofeni ya kutuliza maumivu tu. Katika kundi la ibuprofeni, theluthi mbili walimaliza ugonjwa bila kuhitaji antibayotiki. Lakini waliteseka zaidi siku za mwanzo, na watano kati yao maambukizi yalipanda hadi kwenye figo, dhidi ya mmoja katika kundi la antibayotiki. Kwa hiyo mwanamke mzima, asiye mjamzito, mwenye dalili nyepesi, anaweza kukubaliana na daktari kusubiri siku moja au mbili kwa maji na dawa ya maumivu. Mwenye maumivu makali kama dada huyu hana sababu ya kusubiri, anastahili dawa.

Dawa ipi? Huenda duka la dawa mtaani litampa sipro, au kituo kitampangia sindano tano. Kwa UTI ya kibofu isiyo na homa, yote mawili ni makubwa kuliko ugonjwa. Nitrofurantoini ni chaguo zuri la kwanza kwa sababu hukusanyika kwenye mkojo, mahali penyewe bakteria walipo, na bado inawamudu wengi wao. Ile inayoyeyuka polepole hunywewa miligramu 100 asubuhi na 100 jioni kwa siku 5, pamoja na chakula ili isichafue tumbo. Ile ya kawaida hunywewa miligramu 50 mara nne kwa siku. Mkojo unaweza kugeuka rangi ya kahawia. Hiyo ni dawa, si damu. Wenye figo dhaifu na wajawazito waliokaribia kujifungua hupewa dawa nyingine.

Nafuu huanza ndani ya siku mbili. Hapo ndipo wengi huacha vidonge vilivyobaki na kuviweka kwa ajili ya safari ijayo, au kumgawia jirani. Safari ijayo anameza vidonge vitatu, bakteria dhaifu wanakufa, na wenye uwezo wa kuhimili dawa wanabaki na kuzaliana. Sipro imetumika ovyo kiasi kwamba sasa inashindwa kwa wagonjwa wengi, na ni dawa tunayoihitaji kwa figo zilizoambukizwa.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye anatendewa vibaya zaidi. Amekwenda hospitali kwa homa na kuumwa kichwa, mkojo haumchomi kabisa, na karatasi imerudi na chembe chache za usaha. Anaambiwa ana UTI. Mara nyingi homa yake ina chanzo kingine ambacho hakikutafutwa, malaria ikiwamo. Chembe hizo, hata bakteria wenyewe, huweza kuonekana kwenye mkojo wa mtu asiyeumwa, hasa wazee na wenye kisukari, na hazihitaji dawa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: “Daktari, mkojo hauniumi, hii homa inatokana na nini?”

Mjamzito yuko peke yake katika hili. Bakteria wakionekana kwenye mkojo wake baada ya kuoteshwa maabara, hutibiwa hata kama hana dalili yoyote, kwa sababu kwake hupanda kwenye figo kwa urahisi na kuhatarisha ujauzito. Dawa yake ichaguliwe kliniki, si dirishani dukani.

Kwa watu wengine wote, zipo dalili za kuondoka nyumbani siku hiyohiyo: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu za nyuma, kutapika, au mkojo kugoma kutoka. Hizo zinaashiria figo, na nitrofurantoini haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiwango cha kutibu. Mtoto na mwanamume mwenye mkojo unaochoma wapimwe kila mara. Kwa mwanamume huenda ni tezi dume, na akiwa na usaha unaotoka mbele, kisonono ndicho cha kutafutwa kwanza. Anayeugua mara tatu kwa mwaka, au asiyepata nafuu baada ya siku mbili za dawa, aoteshewe mkojo. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na yanataja ni bakteria gani na dawa ipi inamuua.

Na kwa aliyekulia Kanda ya Ziwa, Pemba au Unguja, akiona damu kwenye mkojo, hasa mwishoni, aulizie kichocho. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake huchubua kuta hadi mkojo ukachoma kama UTI. Antibayotiki haiigusi kabisa. Mkojo wa kutafuta mayai hayo hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao hutoka kwa wingi, na dawa yake ni prazikwanteli inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa.