Papi za Madirisha na Vivuli Vyake Katika Picha za Nyumba

Madirisha mengi ya Mji Mkongwe wa Unguja yana vilango vya mbao vilivyopangwa papi za mshazari, ili upepo uingie na mvua isiingie. Siku hizi, kabla nyumba ya namna hiyo haijatengenezwa upya, huenda mchoraji akaijenga kwanza ndani ya kompyuta, kisha akatoa picha ya uso wake kama utakavyoonekana juani. Mwenye nyumba na seremala huitazama picha hiyo ili wapatane. Ikiwa papi hazikulingana, au vivuli vyake vimefifia, kilango huonekana kama ubao mtupu uliopigwa mistari, na kila mmoja hufahamu jambo lake.

Kwanza tutazame mpango wa papi. Tuseme nafasi iliyo wazi ndani ya fremu ya kilango ina kimo cha milimita 1,200. Kila upapi una upana wa milimita 60 na unene wa milimita 10, nao umelazwa nyuzi 45, ukingo wake wa nje ukiwa chini. Upapi uliolala hivyo huchukua kimo cha milimita 50 hivi. Seremala ataka hatua ya milimita 40, yaani kutoka upapi mmoja mpaka wa pili, ili papi zipandane kidogo. Mchoraji asiyeangalia huanza chini na kupanda kwa milimita 40 mpaka nafasi imwishie. Atapata hatua 28, na juu patabaki ufa wa milimita 30, ambao katika picha huonekana kama mstari mweusi usio na maana.

Njia iliyo sawa ni kuweka kwanza upapi wa chini kabisa na wa juu kabisa, kila mmoja ukigusa fremu, kisha kuigawa nafasi iliyo kati yake. Kutoka 1,200 tunaondoa 50, zabaki 1,150. Tukigawa kwa 40 twapata 28.75, basi twachukua hatua 29, na kila hatua huwa milimita 39.66. Papi ni 30. Mgawanyo huo yafaa ufanywe na kompyuta yenyewe, kwa maana mtu akiandika 39.5 kwa kukadiria, mwisho wa hatua 29 atakuwa amepungukiwa na milimita 5 hivi.

Pili ni ukali wa kivuli. Uso wa nyumba yetu unaelekea magharibi, na saa ni tisa alasiri kwa kufuata jua, karibu na tarehe 21 Machi. Wakati huo jua la Unguja liko karibu mbele ya ukuta, kwa kimo cha nyuzi 45 hivi. Ukingo wa nje wa kila upapi hutupa kivuli juu ya upapi ulio chini yake, na kukifunika zaidi kidogo ya nusu ya upana wake. Jua likiwa juu zaidi, kwa nyuzi 60, kivuli hufika thuluthi mbili.

Jua si nukta. Tunaliona kama duara lenye upana wa nusu digrii hivi. Kwa hiyo ukingo wa kivuli una utusitusi, unaokua milimita 9 kwa kila mita ambayo kivuli kimesafiri. Toka upapi hata upapi, safari hiyo ni milimita 28 tu, na utusitusi ni robo ya milimita: ukingo ni mkali kama uliokatwa kwa kisu. Mchoraji akilipa jua la kompyuta upana wa digrii 5, utusitusi hukua mara kumi, na papi hufifia. Lakini kivuli cha upenu ulio mita 1 mbele ya ukuta kina haki ya kulegea kidogo, kisikazwe.

Tatu ni ukubwa wa picha. Uso wa nyumba wenye kimo cha mita 12, ukichorwa kwa nukta 2,000 kwenda juu, kila nukta ni milimita 6, na hatua moja ya papi hupata nukta 6 na zaidi. Hizo zatosha kwa mwanga na kivuli. Ukichorwa kwa nukta 500, kila nukta ni milimita 24, na hatua haipati hata nukta 2. Hapo huzuka mawimbi ya uongo, mapana kuliko papi zenyewe. Dalili yake ni rahisi: hesabu mistari ya kilango kimoja, isipofika 30, picha inadanganya.

Dawa yake ni kuichora picha kubwa, kisha kuipunguza kwa njia inayochanganya nukta jirani, si kuziruka. Lakini hatua ikiwa chini ya nukta 2 katika picha ya mwisho, hakuna ufundi utakaozirudisha papi. Heri kilango kionekane rangi moja ya kijivu, na papi zionyeshwe katika picha nyingine iliyochukuliwa kwa karibu.