Barua pepe ya kuanzisha benki ya maswali

Barua pepe inayopendekeza benki ya maswali kwa kikundi cha wanafunzi wa uhasibu hupata wachangiaji upesi ikibeba kiungo cha jedwali la pamoja lenye swali moja lililokwisha kujazwa, kwani watu huiga mfano kabla ya kusoma masharti. Swali laweza kuwa hili: mashine imenunuliwa kwa shilingi 12,000,000, itatumika miaka 5, na thamani ya mabaki ni 2,000,000. Uchakavu wa mwaka, kwa kiwango kilekile kila mwaka, ni kiasi gani? Jibu ni 2,000,000. Miongoni mwa majibu ya kuchagua huwekwa 2,400,000, analolipata aliyesahau kutoa mabaki.

Mchangiaji huandika swali, jibu, hatua za kukokotoa na mada ya mtaala, basi. Uhakiki ndio wenye kazi. Mhakiki hukokotoa kabla ya kufungua safu ya jibu, maana akilichungulia hushawishika kulikubali. Majibu yakitofautiana, huenda hesabu zote mbili ni sahihi na swali ndilo bovu: halikutaja njia ya kukokotoa uchakavu. Hapo huandikwa upya, likahakikiwa na mtu wa tatu. Hadi lipite, hubaki na alama ya "rasimu" na haliingii kwenye mazoezi.